Dakika tatu za kwanza za ugomvi wa ndoa

Mwaka 1983 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Gottman na Robert Levenson, waliwaalika makumi ya wanandoa kwenye maabara yao na kuwaomba wazungumze mbele ya kamera jambo ambalo kwa kawaida watu hulizungumza wakiwa wamefunga mlango. Kila jozi ilifika baada ya kukaa mbalimbali kwa muda usiopungua saa nane, kama watu waliorudi kutoka kazini, kisha wakaketishwa wakitazamana huku vifaa vikipima mapigo ya moyo na jasho la vidole. Kwa robo saa walisimuliana habari za siku hiyo, robo saa nyingine wakazungumza jambo ambalo hawakubaliani, na robo saa ya mwisho wakazungumza jambo linalowafurahisha. Baadaye kila mmoja alitazama mkanda wa video akiwa peke yake, akizungusha kitufe kuonyesha alijisikiaje katika kila sekunde. Mwaka 1987 watafiti waliwatafuta tena wanandoa hao ili kujua hali ya ndoa zao ilikuwaje.

Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, hasa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ambako Gottman alihamia na kuanzisha maabara iliyofanana na nyumba ya kuishi. Katika mazungumzo yale ya kutokubaliana, watafiti walibaini tabia nne zilizojitokeza zaidi kwa wanandoa ambao baadaye waliachana: kumlaumu mwenzako kwa jinsi alivyo badala ya kwa alichofanya, kumdharau, kujitetea, na kujifungia kimya. Gottman aliziita wapanda farasi wanne, akiazima jina kutoka Kitabu cha Ufunuo, ambamo wapanda farasi hao hutangulia maangamizi.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba hasira yenyewe haimo katika orodha hiyo. Wanandoa wengi waliodumu walikasirika, walipandisha sauti na walikatizana maneno. Nimekaa kwa miaka kadhaa katika moja ya mabaraza ya usuluhishi wa ndoa ambayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huwataka wanandoa wengi wapitie kabla ya kuomba talaka mahakamani, na karibu kila kikao huanza kwa wazee kuuliza mnagombania nini. Huulizwa habari za fedha, za wakwe, za kuchelewa kurudi nyumbani. Ni maswali ya lazima, lakini nimeshawishika kwamba hayatoshi, kwa sababu nyumba mbili zinaweza kuwa na ugomvi uleule wa fedha, moja ikaishi nao kwa miaka thelathini na nyingine ikavunjika kabla ya mwaka wa sita. Kinachozitofautisha ni namna ugomvi unavyoanza na namna unavyojibiwa.

Nitaeleza hilo kwa mfano niliotunga mwenyewe, usio wa wanandoa wowote ninaowajua, ingawa kila kilichomo ndani yake nimekisikia mara nyingi. Mume amemtumia kaka yake shilingi 300,000 kwa simu bila kumwambia mkewe. Mke anakuja kuligundua jambo hilo jioni, wakati ada ya mtoto wao inatakiwa kulipwa Jumatatu.

Mke anaanza: "Baba Salma, wewe siku zote ni ndugu zako tu. Hujawahi kuwafikiria watoto wako hata siku moja." Mume anajibu: "Mwezi uliopita ni nani aliyenunua sare ya harusi ya shoga yake? Na mimi ningefanyaje, wakati mtoto wa kaka amelazwa?" Mke anasonya, anatazama pembeni, kisha anasema: "Mwanamume mzima, akikohoa mtu huko kwenu tayari umeshatuma hela. Halafu unajiita baba wa familia." Mume anachukua simu yake, anaikodolea macho, anasema "sawa, umeshinda", na baada ya hapo hata akiulizwa hajibu. Baada ya muda anatoka nje.

Mazungumzo haya hayafiki hata dakika tatu. Dakika tatu si kipimo nilichokichagua kwa kubahatisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, Sybil Carrère na Gottman walichambua mazungumzo ya wanandoa wapya 124, kisha wakawafuatilia kwa miaka sita. Walikuta kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo ya dakika kumi na tano zilitosha kuonyesha tofauti kati ya waliokuja kuachana na waliodumu. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali hayakuwa na kawaida ya kulainika njiani.

Tuitazame sentensi ya kwanza ya mke. Ana haki ya kulalamika, na lalamiko lake ni zito: fedha imetoka, hakuambiwa, na ada inasubiri. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo matatu alilolitamka. Alichotamka ni hukumu juu ya nafsi ya mumewe, tena hukumu iliyobebwa na maneno "siku zote" na "hujawahi". Maneno hayo mawili ndiyo dalili rahisi kuliko zote ya kwamba lalamiko limegeuka lawama, kwa sababu lalamiko lina tarehe na tendo, ilhali lawama haina tarehe. Mume angeweza kulijibu suala la laki tatu. Tuhuma ya kwamba hajawahi kuwafikiria watoto wake hana jibu la kuipa ila kuikana, na akiikana, suala la laki tatu limeshasahaulika.

Namna yake ya kukana ndiyo watafiti wanaita kujitetea, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu kati ya tabia nne hizi, hii ndiyo ambayo mtu huifanya akiamini kabisa kwamba hana kosa. Katika jibu la mume kuna mambo mawili. La kwanza ni kurudisha shtaka: nawe ulinunua sare. La pili ni sababu: mtoto amelazwa. Sababu hiyo ni ya kweli na ni nzuri, na mwanamume huyu pengine anashangaa kwa dhati kwa nini haikupokelewa. Haikupokelewa kwa sababu ilikuja mahali ambapo mke alikuwa akisubiri kitu kingine. Alitaka kwanza kujua kama mumewe ameuona wasiwasi wake, na badala yake amepewa maelezo yanayomaanisha kwamba wasiwasi huo hauna msingi. Kwa masikio ya anayelalamika, kila utetezi husikika kama kuambiwa kwamba tatizo ni yeye. Ndiyo maana kujitetea hakumpozi mtu aliyekuja na jambo, bali humfanya aliseme tena kwa sauti kubwa zaidi na kwa maneno makali zaidi.

Kujitetea kuna sura nyingine ambazo si rahisi kuzitambua. Kuna anayekubali kwa nusu sentensi na kulifuta kubali lake kwa nusu inayofuata: "ni kweli, lakini". Kuna anayelia na kusema kwamba kila anachofanya hakionekani, hata mlalamikaji akajikuta ndiye anayembembeleza mkosaji. Kuna anayesema kauli ileile mara tano akidhani hajaeleweka, ilhali ameeleweka tangu mara ya kwanza na ndiyo maana mwenzake amekasirika. Katika vikao vya baraza sura ninayoiona zaidi ni ya kurudisha shtaka, kwa sababu mbele ya wazee kila mmoja huja na hesabu ya makosa ya mwenziwe, na mashtaka mawili yakishawekwa mezani kwa pamoja hakuna linalosikilizwa.

Njia ambayo watafiti wanapendekeza badala ya kujitetea ni kuchukua sehemu ya jukumu, hata kama ni ndogo. Pendekezo hilo hueleweka vibaya mara kwa mara. Halimtaki mtu akiri asilolifanya, wala halimtaki aseme "basi yote ni makosa yangu", kauli ambayo kwa kawaida ni utetezi mwingine uliovikwa vazi la unyenyekevu. Linamtaka atafute ndani ya shtaka lote lile kipande ambacho ni cha kweli, akitaje chenyewe, kisha anyamaze kidogo kabla ya kuongeza chochote. Katika mfano wetu, tuhuma ya kutowafikiria watoto si ya kweli, lakini ndani yake kuna jambo la kweli: fedha ilitumwa bila mke kuambiwa. Mume angeweza kusema, "Ni kweli nilituma bila kukuambia." Sentensi hiyo haimgharimu heshima yake wala haimlazimishi kukubali tuhuma kubwa. Habari ya mtoto aliyelazwa inaweza kufuata, na ikifuata baada ya sentensi hiyo itasikika kama habari, si kama ngao.

Sasa tufike kwenye dharau, ambayo kwa maoni ya Gottman ndiyo ishara mbaya kuliko zote nne. Lawama humwambia mwenzako kwamba ana kasoro. Dharau humwambia kwamba yuko chini yako. Wasaidizi wa maabara waliofundishwa kusoma nyuso kwenye video waliihesabu dharau kwa alama za wazi: macho kuviringishwa juu, pembe moja ya mdomo kuvutwa upande mmoja, kejeli, kumwigiza mwenzako sauti, kumwita jina la kumdhalilisha, na mzaha ambao mmoja peke yake ndiye anayeucheka. Msomaji wa pwani atakuwa tayari ameongeza alama zetu wenyewe. Tunasonya, tunabetua mdomo, tunampandisha mtu na kumshusha kwa jicho, na tuna ufundi mkubwa wa vijembe, hata pale ambapo maneno yenyewe hayana tusi lolote na shahidi akiulizwa atasema hakusikia kibaya. Watafiti wa Seattle hawakuhesabu misonyo, lakini naamini mtu aliyekua miongoni mwetu huusikia msonyo kama walivyousoma wao ule mdomo uliovutwa upande. Katika mfano wetu, maneno "mwanamume mzima" yana uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa hayahusu tena fedha, wala hata tabia, bali yanamvua mtu hadhi yake.

Uzito wa dharau na uhasama haubaki katika hisia peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ambamo wanandoa 42 walilazwa wodini mara mbili kwa usiku mmoja mmoja, wakafanyiwa malengelenge madogo mkononi kwa kifaa maalumu, kisha wakapewa mazungumzo ya kufanya. Mara ya kwanza mazungumzo yalikuwa ya kutiana moyo na mara ya pili yalikuwa ya jambo linalowagombanisha. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya ugomvi, na kwa wanandoa waliokuwa na uhasama mwingi kasi ya kupona ilikuwa takribani asilimia 60 tu ya ile ya wenye uhasama mdogo. Watu hao hawakupigana wala hawakutishiana. Walizungumza tu, na miili yao ikaonyesha tofauti.

Dharau haizaliwi ndani ya ugomvi mmoja. Hukua katika kimya kirefu ambamo mtu huhesabu moyoni kasoro za mwenzake bila kuzisema, huku mema yake yakizoeleka hadi hayaonekani. Siku inapotoka mdomoni imekwisha kupikwa kwa miezi. Kwa sababu hiyo nadhani ushauri wa kumwambia mtu "usimdharau mwenzio mnapogombana" una manufaa machache, maana wakati huo maneno yameshaiva na yanatafuta tu mlango. Watafiti hupendekeza kazi mbili zenye nyakati tofauti. Ile ya wakati wa ugomvi ni kuzungumzia hali yako na haja yako badala ya kumweleza mwenzako yeye ni mtu wa namna gani. Ile ya siku za kawaida, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kurudisha mazoea ya kuona na kutaja mema: kumshukuru kwa jambo dogo alilolifanya leo kwa kulitaja lenyewe, kumuuliza siku yake ilikwendaje na kusikiliza jibu, kumgusa bega unapopita. Katika takwimu za Gottman na Levenson, ndoa zilizodumu kwa utulivu zilikuwa na takribani matendo matano mema kwa kila moja baya, na hesabu hiyo ilichukuliwa wakati watu wakizungumza jambo wasilokubaliana. Maana yake ni kwamba hata katikati ya ubishi walicheka kidogo, waliitikia kwa kichwa, walisema "nakuelewa hapo". Sishauri mtu aanze kuhesabu tano kwa moja nyumbani kwake, kwa sababu hesabu hiyo ni ya mtazamaji wa nje na ikigeuzwa kuwa sheria ya ndani huondoa ukweli wa tendo lenyewe.

Imebaki ile ya nne, kujifungia kimya, na hapa vifaa vilivyopima mapigo ya moyo vilionyesha jambo ambalo macho yasingeliona. Mume katika mfano wetu anaonekana hajali. Anaikodolea simu macho, uso wake umekufa, na kwa mkewe kimya hicho ni tusi jingine. Lakini watu waliojifungia namna hii maabarani mara nyingi walikutwa moyo ukienda mbio. Gottman anaeleza kwamba mapigo yakizidi takribani 100 kwa dakika kwa mtu aliyekaa kitini, uwezo wake wa kusikia maelezo mapya, kufikiri kwa upana na kuona upande wa pili hupungua sana. Mwili umeshajiandaa kwa hatari, na mtu hubaki na njia chache: kushambulia, kukimbia, au kuganda. Katika tafiti zake za wanandoa wa mume na mke, waliojifungia walikuwa wanaume kwa takribani asilimia 85. Hali hii si sawa na kununa. Anayenuna anataka mwenzake aone na aumie, ilhali aliyezidiwa anatafuta tu kelele ikome.

Kwa aliyefika hapo, kuendelea kuzungumza hakuna faida, na mwenzake akizidi kumfuata kwa maneno humzidishia tu. Kinachoshauriwa ni kupumzika kwa muda usiopungua dakika 20, kwa kuwa kemikali ambazo mwili umezimwaga wakati wa hasira huchukua muda kutoka. Masharti ya mapumziko hayo ni muhimu kuliko mapumziko yenyewe. Lazima yaombwe kwa maneno, kwa sababu anayeondoka bila kusema ameongeza kuachwa juu ya kutosikilizwa. Lazima yawe na saa ya kurudi, na aliyeomba ndiye mwenye wajibu wa kulirudisha jambo mezani. Na katika muda huo mtu asikae akipanga hoja zake za ushindi, kwani mwili hautofautishi sana ugomvi wa kweli na ule unaoendelea kichwani, hivyo nusu saa ya kujirudia "na yeye aliwezaje kuniambia vile" humrudisha akiwa vilevile alivyoondoka. Atembee, afagie uwanja, asome, aoge, aswali. Anayetaka kujua kama ameshatulia anaweza kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa nne.

Turudi sasa kwa wanandoa wetu na tuwape jioni ileile, fedha ileile na ada ileile.

Mke anaanza: "Baba Salma, nimeona ile laki tatu uliyomtumia shemeji. Nimeingiwa na hofu, maana ada ya Salma ni Jumatatu na sioni tutaitoa wapi. Naomba fedha kubwa namna hii ikitoka tuwe tumeshaambizana." Hajaficha kitu. Fedha ameitaja, hofu ameitaja, na ombi lake linaweza kutekelezwa. Mume anajibu: "Ni kweli sikukuambia, na ilikuwa nikupigie kwanza. Mtoto wa kaka amelazwa, nikaharakisha." Mke bado ana uchungu, kwa kuwa mwanzo mzuri haufuti kilichotokea, naye anasema: "Lakini si mara ya kwanza. Hata mwezi wa tatu ilikuwa hivihivi." Hapo mume anasikia kifua kinapanda. Anasema: "Mama Salma, naona nimeanza kupandwa na hasira na sitaki kukujibu vibaya. Nipe nusu saa, saa tatu tukae tumalize." Saa tatu ndiye yeye anayevuta kiti.

Wakikaa tena, yanajitokeza mambo ambayo katika ule ugomvi wa kwanza hayakupata nafasi. Mume anaeleza kwamba kaka yake aliacha shule ili yeye asome, na kila simu ikilia kutoka nyumbani kwao anajiona kama mwenye deni lisilolipika. Mke anaeleza kwamba alipokuwa mdogo alirudishwa nyumbani mara nyingi kwa kukosa ada, akipita na mkoba wake mbele ya wenzake, na aliapa kwamba mtoto wake hatapitia hayo. Kila mmoja ana jambo asiloweza kuliacha: mume hawezi kumwambia kaka yake hapana moja kwa moja, na mke hawezi kuishi bila uhakika wa ada. Lakini kila mmoja pia ana anachoweza kukilegeza. Wanakubaliana kwamba ada itatengwa siku ya mshahara kabla ya kitu kingine chochote, kwamba kutakuwa na kiasi cha kila mwezi cha ndugu wa pande zote mbili, na kwamba kinachozidi shilingi 50,000 hakitoki kabla ya kupigiana simu.

Hawajamaliza tatizo. Mwakani kutakuwa na mgonjwa mwingine, na suala hilihili litarudi kwa sura mpya. Kwa hesabu za Gottman, takribani asilimia 69 ya mambo ambayo wanandoa hugombania ni ya namna hii, yaani yanatokana na tofauti za malezi, tabia na historia ambazo haziishi, na wanandoa wanaodumu hawazimalizi bali hujifunza kuzizungumza bila kuumizana. Jambo hili lingetusaidia sana sisi tunaosuluhisha, kwa sababu tumezoea kutafuta uamuzi utakaofunga shauri, na wanandoa wakirudi na jambo lilelile baada ya mwaka tunawaona kwamba wamekaidi.

Kazi hii ina mipaka yake pia. Magazeti na mitandao hupenda kusema kwamba Gottman anaweza kutabiri talaka kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2001 watafiti Richard Heyman na Amy Smith Slep walieleza kasoro ya takwimu za namna hiyo: fomula iliyotengenezwa kutokana na watu ambao matokeo yao yameshajulikana huonekana sahihi sana kwa watu walewale, lakini usahihi huo hushuka sana ikipelekwa kwa watu wengine. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayesoma hapa, akamwona mumewe amebetua mdomo, akahitimisha kwamba ndoa yake imekwisha. Tabia hizi nne hupatikana hata katika nyumba zenye furaha. Tofauti ni mara ngapi zinatokea, na kama baada ya kutokea kuna anayejaribu kurekebisha na mwenzake akalipokea jaribio lake.

Tafiti za Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, zinaongeza jambo la haki. Alionyesha kwamba anayedai na anayejifungia hutegemea pia jambo linalojadiliwa ni la nani. Anayetaka mabadiliko hufuata, na anayefaidika na hali ilivyo hukwepa. Hivyo mke anayesemekana kuwa mlalamishi huenda ni mtu ambaye mpangilio wa nyumba haumpi njia nyingine ya kubadilisha kitu. Kumfundisha aanze kwa upole huku mumewe hatakiwi kubadilika chochote ni kumwongezea mzigo, na katika utafiti wa wanandoa wapya uliochapishwa mwaka 1998 Gottman na wenzake walikuta kwamba ndoa zilikuwa hatarini zaidi pale ambapo mume alikataa kuyapa maoni ya mkewe uzito katika maamuzi.

Mpaka wa mwisho ni ule ambao katika baraza huwa nauulizia kabla ya swali jingine lolote, tena kwa kumwita kila mmoja peke yake. Yote yaliyoelezwa hapa ni ya watu wawili ambao hakuna anayemwogopa mwenzake. Pale ambapo kuna kipigo, vitisho, au mtu anayezuiwa kutoka na kushika fedha, mwanamke anayepima maneno yake kabla ya kuyasema hafanyi hivyo kwa upole bali kwa kujilinda, na kumshauri atafute kipande chake cha jukumu ni kumrudishia kosa la aliyempiga. Shauri la namna hiyo halianzi na mazungumzo ya wawili. Linaanza na usalama wa anayeumizwa: mahali pa kulala usiku huo, dawati la jinsia na watoto la polisi, daktari wa kuandika majeraha, na ndugu atakayepokea simu yake.